Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jinsi Modeli ya Maandishi Inavyomwagizia Kichora Picha na Kurudisha Kazi Yake

Majibu haya yanahusu mpangilio mmoja tu: modeli ya maandishi isiyoweza kutoa picha yenyewe inaunganishwa na programu nyingine inayochora, na mtumiaji anaiona picha ndani ya mazungumzo yale yale. Zipo modeli zinazotoa maandishi na picha kwa pamoja kutoka ndani yake, lakini hizo hazihitaji kiungo cha zana na hazizungumziwi hapa. Mifano imetolewa kwa itifaki ya Model Context Protocol, yaani MCP, ambayo Anthropic iliitoa kwa umma Novemba 2024, kwa sababu ujumbe wake unasomeka wazi. Anayetumia wito wa zana wa mtoa huduma mwingine atakuta majina tofauti, ila safari ni ile ile.

Je, modeli ya maandishi ndiyo inayochora?

Hapana. Modeli ya maandishi hutoa maandishi, na hata pale "inapoita zana" kinachotokea ni kwamba imeandika kipande cha maandishi chenye umbo maalumu, yaani jina la zana na vigezo vyake. Haifungui mtandao wala haigusi kadi ya michoro. Programu inayoiendesha, ambayo katika majibu haya tutaiita programu mwenyeji, ndiyo inayotambua kwamba maandishi hayo ni agizo, inayasimamisha mazungumzo, inapeleka agizo kwa seva ya zana, inasubiri, kisha inayachukua majibu na kuyaweka ndani ya mazungumzo ili modeli iendelee kuandika. Kuna wahusika wanne basi: modeli, programu mwenyeji, seva ya zana na kichora picha. Karibu kila tatizo ninaloletewa huanza pale mtu anapodhani wahusika hao wanne ni mmoja.

Modeli inajuaje kwamba kichora picha kipo?

Huambiwa. Muunganisho unapoanza, programu mwenyeji hutuma ujumbe wa `tools/list` kwa seva, na seva hujibu kwa orodha ya zana, kila moja ikiwa na jina, maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, na `inputSchema` inayotaja vigezo vinavyokubalika. Orodha hiyo huwekwa mbele ya modeli kama sehemu ya maandishi inayoyasoma kabla ya ombi la mtumiaji. Modeli haijui lolote zaidi ya hapo kuhusu kichora picha. Ikiwa maelezo yanasema tu "hutengeneza picha", modeli itaagiza picha hata mtumiaji alipotaka jedwali au mchoro wa mtiririko wenye maneno, jambo ambalo vichora vingi hulifanya vibaya. Ninapendekeza maelezo yataje waziwazi zana inafaa kwa nini, haifai kwa nini, na inakubali vipimo gani. Sentensi tatu zilizoandikwa kwa makini hapo huokoa saa nyingi za kurekebisha mambo kwingine.

Ombi moja hupita wapi tangu linapoandikwa hadi picha inapoonekana?

Tuchukue mtumiaji aliyeandika: "Nichoree mtungi wa udongo juu ya meza ya mbao, mwanga ukiingia kutoka dirisha la kushoto, picha iwe ya mlalo." Modeli inasoma ombi, inaiona zana ya `generate_image` katika orodha, na inaandika wito. Programu mwenyeji inaugeuza wito huo kuwa ujumbe wa JSON-RPC 2.0 na kuupeleka kwa seva:

```json
{"jsonrpc":"2.0","id":7,"method":"tools/call",
 "params":{"name":"generate_image","arguments":{
  "prompt":"clay water pot on a wooden table, window light from the left",
  "width":1152,"height":768,"seed":4121}}}
```

Tazama jinsi neno "mlalo" lilivyogeuka kuwa namba mbili. Mtumiaji hakutaja pikseli, wala kichora picha hakijui maana ya mlalo. Modeli ndiyo iliyofanya tafsiri hiyo, na ndiyo kazi yake kubwa katika mpangilio huu. Seva inapopokea ujumbe hukagua vigezo kwanza. Vichora vingi vya jamii ya Stable Diffusion hutaka upana na urefu vinavyogawanyika kwa 8, kwa kuwa ndani yake hufanya kazi kwenye picha iliyofinywa mara nane kila upande. Vipimo vya 1152 kwa 768 vinapita, na seva inakiita kichora.

Kichora huanza na uwanja wa kelele za nasibu, ambazo mpangilio wake hutokana na namba ya mbegu, yaani `seed`, kisha huzisafisha hatua kwa hatua, mara nyingi hatua 20 hadi 50, kila hatua ikivutwa na maelezo yaliyotumwa. Mwisho wake ni faili ya picha. Seva huifunga faili hiyo na kuirudisha kwa namba ile ile ya ujumbe, 7, ili programu mwenyeji ijue jibu hili ni la swali lipi:

```json
{"jsonrpc":"2.0","id":7,"result":{"content":[
  {"type":"text","text":"image_id: img_0413, 1152x768, seed 4121"},
  {"type":"image","data":"iVBORw0KGgo...","mimeType":"image/png"}],
 "isError":false}}
```

Programu mwenyeji huonyesha kipande cha picha kwa mtumiaji, huiwekea modeli matokeo ya wito, na modeli huandika sentensi ya kumalizia. Mtumiaji huona jambo moja lililotiririka, ilhali modeli imeendeshwa mara mbili: mara ya kwanza iliishia kwenye wito, na mara ya pili ilianzia kwenye matokeo.

Kwa nini maelezo yaliyokifikia kichora si yale niliyoyaandika?

Kwa sababu modeli imeyaandika upya, na kwa kawaida inafanya hivyo kwa nia njema. Vichora vingi vilifunzwa zaidi kwa maelezo ya picha ya Kiingereza, kwa hiyo modeli huona ni salama kutafsiri, kama ilivyofanya kwenye mfano wetu. Wakati huo huo huongeza mambo ambayo hukuyataja: rangi ya ukuta, aina ya mbao, mtindo wa upigaji picha. Ukipata kitu usichokiomba, usianze kukilaumu kichora. Fungua kumbukumbu za programu mwenyeji usome thamani ya `prompt` iliyotumwa. Mara nyingi utalikuta lile usilolitaka limeandikwa pale kwa herufi.

Kurefusha maelezo kuna hatari nyingine ambayo haionekani upesi. Matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion, lile la kwanza likiwa limetolewa kwa umma Agosti 2022, husoma maelezo kupitia kisimbaji cha CLIP chenye nafasi 77 za tokeni, yaani vipande vya maneno, na mbili kati ya nafasi hizo ni za alama za mwanzo na mwisho. Modeli ya maandishi, ambayo imezoea kuandika aya nzima, ikituma maneno 150, baadhi ya seva hukata kila kinachozidi bila kutoa onyo. Dirisha la kushoto likiwa limetajwa mwishoni mwa aya, halitafika. Dalili yake ni kwamba mambo ya mwanzo wa maelezo hutokea vizuri na ya mwisho hayatokei kamwe, hata urudie mara kumi. Tiba ni kuandika kikomo hicho ndani ya maelezo ya zana, au kuifanya seva irudishe kosa badala ya kukata kimyakimya. Mimi huchagua njia ya pili, maana modeli ikiambiwa kosa hufupisha yenyewe na kujaribu tena.

Picha hurudi kwa njia gani, na kwa nini mazungumzo hujaa ghafla baada ya picha moja?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa urefu, kwa kuwa niliwahi kupoteza siku nzima juu yake.

JSON hubeba maandishi, haibebi baiti ghafi. Ndiyo maana picha hugeuzwa kuwa Base64, yaani kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne. Picha yetu ya PNG ikiwa na baiti 1,500,000, itasafiri ikiwa mfuatano wa herufi 2,000,000. Kwa mtandao hilo si tatizo kubwa. Tatizo hutegemea kipande cha `content` ambacho herufi hizo zimewekwa ndani yake.

Zikiwekwa katika kipande chenye `"type":"image"`, programu mwenyeji inajua kwamba ni picha. Huifungua, humwonyesha mtumiaji, na ikiwa modeli ina uwezo wa kutazama picha humpelekea kama picha, ambayo kwa modeli nyingi huhesabiwa kuwa tokeni mia kadhaa au elfu chache tu. Lakini mwandishi wa seva akiziweka herufi zile zile ndani ya kipande cha `"type":"text"`, kosa ambalo ni rahisi kulifanya pale anaporudisha jibu la kichora jinsi lilivyo, programu mwenyeji haitakuwa na namna ya kujua. Itazichukua herufi milioni mbili na kumwekea modeli azisome kama maneno. Hata tukikadiria kwamba kila tokeni hubeba herufi tatu, tunapata zaidi ya tokeni laki sita, wakati modeli nyingi zina nafasi ya tokeni laki moja au mbili kwa mazungumzo yote.

Katika kisa changu, kichora kilifanya kazi bila dosari, faili ilikuwapo kwenye diski, na bado kila mazungumzo yalikufa mara baada ya picha ya kwanza kwa ujumbe kwamba muktadha umezidi. Kwa picha ndogo za majaribio, za pikseli 128 kwa 128, hayakufa. Modeli iliendelea kujibu, ila polepole na kwa majibu yaliyopotoka. Nilitafuta kosa kwenye kichora, kisha kwenye modeli, na mwisho nikafungua ujumbe ulio kati yao. Herufi za kwanza za kipande cha maandishi zilikuwa `iVBORw0KGgo`. Kila faili ya PNG huanza kwa baiti nane zile zile, kwa hiyo kila PNG iliyogeuzwa kuwa Base64 huanza kwa herufi hizo. Za JPEG huanza kwa `/9j/`. Ukiona mojawapo ya mianzo hiyo mahali palipostahili kuwa na sentensi, umeshampata mkosaji.

Kwa picha kubwa kuna njia iliyo bora kuliko zote mbili, nayo ni kuihifadhi picha kwenye seva, kurudisha kitambulisho au kiungo chake kama maandishi mafupi, na kuambatisha nakala ndogo, kwa mfano ya pikseli 512 upande mrefu, kama kipande cha picha. Mtumiaji hupakua faili kamili kwa kiungo, na modeli hutazama nakala ndogo.

Je, modeli imeiona picha inayoizungumzia?

Si lazima. Ikiwa seva imerudisha kiungo pekee, au programu mwenyeji imemwonyesha mtumiaji kipande cha picha bila kumpelekea modeli, basi modeli ina maandishi tu: maelezo iliyoyatuma yenyewe na taarifa kwamba kazi imekamilika. Ikiandika "nimeuchora mtungi wa udongo, mwanga ukiingia kutoka kushoto", inasimulia agizo lake, haisimulii picha. Kipimo chepesi ni kuiuliza kitu kilichomo katika picha lakini hakimo katika agizo, kwa mfano mtungi una masikio mangapi. Modeli iliyoiona itajibu sawasawa na unachokiona. Isiyoiona itakisia kwa kujiamini, ama itakiri kwamba haina picha, na jibu hilo la pili ndilo la kutamaniwa.

Inafaa kuuliza swali hili mapema, kabla ya kujenga mtiririko unaoitaka modeli ikague picha na kuagiza nyingine ikiwa ya kwanza ina kasoro. Bila picha kuifikia modeli, ukaguzi huo ni maigizo.

Niliomba mtungi ubadilishwe rangi, kwa nini picha nzima imekuwa nyingine?

Kwa sababu `generate_image` huchora kutoka mwanzo kila inapoitwa. Modeli hukumbuka mazungumzo, lakini kichora hakikumbuki chochote. Wito wa pili kwake ni wito wa kwanza. Kama mbegu haikutajwa, seva huchagua nyingine kwa nasibu, na kelele mpya huzaa meza mpya, dirisha jipya na mtungi mpya. Ndiyo sababu katika mfano wetu seva ilirudisha `seed 4121` kama maandishi: modeli ikiisoma, inaweza kuituma tena pamoja na maelezo yaliyobadilishwa neno moja. Hilo husaidia kuulinda mpangilio wa jumla, lakini halihakikishi kwamba mambo mengine yote yatabaki vile vile, kwani neno moja huathiri picha nzima.

Anayetaka uhariri wa kweli aweke zana ya pili, tuseme `edit_image`, inayopokea kitambulisho cha picha iliyopo, maelezo ya badiliko, na ikiwezekana eneo la kuhaririwa. Kigezo kiwe kitambulisho, `img_0413`, na si picha yenyewe katika Base64. Modeli haiwezi kuyaandika upya maandishi ya herufi milioni mbili bila kukosea, na kwa kila herufi itakayoiandika utalipia tokeni.

Inakuwaje kichora kinapochukua muda mrefu?

Programu mwenyeji haisubiri milele. Maktaba rasmi ya MCP ya TypeScript, kwa mfano, hukata subira baada ya sekunde 60 usipoibadilisha, na hutoa kosa lenye namba -32001. Kichora kilichokuwa na foleni ndefu huenda hakijamaliza. Jambo linaloudhi ni kwamba mara nyingi kazi haifutwi upande wa pili: kichora huendelea, humaliza kwenye sekunde ya 75, na hakuna anayeipokea picha. Modeli ikiona kosa hujaribu tena, na sasa foleni ina kazi mbili. Nimeona kumbukumbu ambamo ombi moja la mtumiaji lilizaa picha nne zilizokamilika, zote zikalipiwa, na mtumiaji hakuona hata moja.

Seva inaweza kutuma `notifications/progress` ili kuonyesha kwamba kazi inaendelea, lakini katika maktaba hiyo taarifa hizo hazirefushi subira mpaka mwandishi wa programu mwenyeji awe ameiwasha `resetTimeoutOnProgress`. Kwa vichora vya polepole, ni afadhali kuigawa kazi kuwa zana mbili: moja inayopokea agizo na kurudisha namba ya kazi papo hapo, na nyingine inayouliza kama kazi hiyo imekamilika.

Kosa likitokea, modeli huambiwa nini?

Kuna makosa ya aina mbili, na kuyachanganya kuna gharama. Ujumbe wenyewe ukiwa mbovu, au zana iliyotajwa haipo, seva hurudisha kosa la JSON-RPC, ambalo ni mazungumzo kati ya programu na programu. Zana ikiwa imeitwa vizuri lakini kichora kimeshindwa, kwa mfano kwa kukosa kumbukumbu ya kutosha au kwa kulikataa ombi lililovunja masharti yake, seva hurudisha matokeo ya kawaida yenye `"isError":true` na maandishi yanayoeleza sababu. Maandishi hayo huisomea modeli kilichotokea. "Upana 1150 haugawanyiki kwa 8, tumia 1152" ni kosa linalotibika kwenye wito unaofuata. "Hitilafu ya ndani" huiacha modeli ikibahatisha.

Modeli imesema "hii hapa picha yako", na hakuna picha. Nani mwenye kosa?

Fungua kumbukumbu utafute `tools/call`. Ikiwa haipo kabisa, modeli haikuagiza; imeandika sentensi inayofanana na zile zinazofuata wito. Hutokea zaidi katika mazungumzo marefu yenye picha nyingi za awali, au pale muunganisho na seva ulipokatika na zana zikaondoka kwenye orodha. Ikiwa wito upo na jibu lina picha, kosa ni la programu mwenyeji, ambayo huenda haijui kuonyesha vipande vya picha. Ikiwa wito upo na jibu lina kiungo tu, jaribu kukifungua mwenyewe: viungo vingi vya vichora huisha muda baada ya saa chache, na vingine modeli huvinakili vibaya kwa kuacha sehemu ya mwisho iliyo ndefu. Kwa sababu hiyo napendelea programu mwenyeji ionyeshe picha moja kwa moja kutoka kwenye matokeo, bila kumtegemea modeli akinakili kiungo.

Seva yangu hufa mara inapoanza, na kichora hakijaguswa. Kwa nini?

Ikiwa inaendeshwa kwa njia ya `stdio`, tazama kama kuna `print` mahali fulani. Katika njia hiyo ujumbe wote hupita kwenye toleo la kawaida la programu, na kila mstari lazima uwe ujumbe halali. Maktaba za kuchora hupenda kuandika "modeli inapakiwa" au mistari ya maendeleo. Mstari mmoja wa namna hiyo ukiingia kwenye `stdout`, mazungumzo huvurugika. Uelekeze kwenye `stderr`.

Je, ni salama kuacha modeli ionyeshe kiungo chochote cha picha kilichorudishwa?

Hapana. Programu mwenyeji inayopakia kila kiungo cha picha bila kukagua humpa mwenye seva isiyoaminika njia ya kutoa siri nje: anaweka katika matokeo maandishi yanayoishawishi modeli kuandika kiungo cha picha chenye maneno ya mazungumzo ndani ya anwani yake, na kivinjari kinapojaribu kuipakia "picha" hiyo, maneno huwa yameshamfikia. Ruhusu anwani za hifadhi unayoijua pekee, na maandishi yanayotoka kwenye zana yachukuliwe kuwa data, yasichukuliwe kuwa maagizo ya mtumiaji.